Chupa, kanga na vipimajoto viwili

*"Mwalimu, shikamoo. Niko kidato cha pili hapa Tanga. Kwenye klabu ya mazingira tulifanya jaribio la mabadiliko ya tabianchi: kipimajoto kimoja ndani ya chupa iliyofunikwa, kingine nje, vyote juani. Cha ndani kilipanda sana. Rafiki yangu akasema chupa imepata joto kwa sababu upepo hauingii, wala haihusiani na hewa ya ukaa. Nilikosa jibu. Nani yuko sahihi? Na tunajuaje kuwa ni binadamu wanaosababisha, na sisi wanafunzi tufanye nini?"*

Marahaba, mwanangu. Kuhusu chupa, rafiki yako yuko sahihi. Atakosea tu akidhani kwamba chupa ikivunjika, sayansi yote ya gesijoto, yaani gesi zinazonasa joto kama hewa ya ukaa, imevunjika nayo.

Tazama kinachotokea mle ndani. Mwanga wa jua unapita kwenye kioo bila shida na kupasha kitako cha chupa, au karatasi nyeusi kama mliiweka. Hewa inayogusa kitako inapata joto, inakuwa nyepesi, inapanda, inagonga kifuniko, inarudi. Haina pa kwenda. Kipimajoto cha nje nacho kinapigwa na jua lilelile, lakini hewa iliyopata joto inaondoka na nyingine inaingia, hasa hapa kwetu ambako upepo wa baharini huanza kuvuma kabla hata ya adhuhuri. Ndiyo maana daladala iliyofungwa vioo vyote pale stendi inageuka tanuri. Hakuna hewa ya ukaa ya ziada ndani ya daladala. Kuna hewa iliyofungiwa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1909 mwanafizikia Mmarekani, Robert Wood, alitengeneza visanduku viwili vyeusi, kimoja akakifunika kwa kioo na kingine kwa bamba la chumvi ya mwamba. Kioo huzuia mionzi ya joto isitoke, chumvi ya mwamba huiachia ipite. Kama kuzuia mionzi ndiko kunakopasha sanduku, basi la kioo lilipaswa kuwa na joto zaidi kwa mbali. Alipohakikisha kwamba vyote viwili vinapata mwanga wa jua wa aina moja, tofauti haikufika hata nyuzi moja. Kumbe kitalu nyumba cha mboga kinapata joto hasa kwa kuzuia hewa isipande. Jina "athari ya kitalu nyumba" tulilobandika kwenye anga ni jina linalopotosha, na nusu ya ubishi wenu umetokana nalo.

Wapo wanaojaribu kulitengeneza jaribio hili kwa kujaza chupa moja hewa ya ukaa kutoka kwenye siki na soda ya kuokea. Na mimi nilifanya hivyo mbele ya darasa miaka ile nilipokuwa kijana, nikijiamini kabisa. Chupa yenye gesi ilikuwa ya baridi kuliko ile tupu. Nilitoka jasho. Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba siki inapokutana na soda ile hufyonza joto, kwa hiyo nilikuwa nimeipoza gesi mwenyewe kabla jaribio halijaanza. Na hata ukisubiri ipate joto la kawaida, bado kuna tatizo: kioo chenyewe kinazuia mionzi ya joto, kwa hiyo gesi iliyo ndani haipewi nafasi ya kuonyesha kazi yake. Ukiona chupa moja imezidi nyingine kwa nyuzi mbili, yawezekana imekaa karibu zaidi na ukuta, au gesi nzito imetulia chini bila kuchanganyika.

Sasa tuangalie athari yenyewe.

Kila kitu chenye joto kinatoa mionzi ambayo jicho halioni. Jioni, jua likishatua, simama hatua moja kutoka kwenye ukuta wa mawe wa nyumba ya zamani ulioelekea magharibi, ugeuze shavu. Utahisi ukuta unakuchoma kidogo bila kuugusa, hata kama upepo unavuma ubavuni. Hiyo ndiyo mionzi ya joto. Ardhi nayo inatoa mionzi hiyo kuelekea juu, usiku na mchana, na hiyo ndiyo njia pekee dunia inayotumia kurudisha angani joto ililopewa na jua. Huko juu hakuna hewa ya kulibeba.

Swali ni nani anaisimamisha mionzi hiyo njiani. Mwaka 1856 Eunice Foote, mwanamke wa Marekani, aliweka vipimajoto ndani ya mirija ya kioo juani, akaona mrija wenye hewa ya ukaa unapata joto zaidi na unachelewa kupoa. Akaandika kwamba anga yenye gesi hiyo nyingi ingeipa dunia joto zaidi. Wazo lake lilikuwa zuri, ila chombo chake kilikuwa na kasoro ileile ya chupa yenu. Mwaka 1859, huko London, John Tyndall aliondoa kasoro hiyo. Alichukua mrija mrefu, akaziba ncha zake kwa mabamba ya chumvi ya mwamba yanayopitisha mionzi ya joto, akaweka chanzo cha joto upande mmoja na kipima mionzi upande wa pili. Akijaza oksijeni au naitrojeni, mionzi inapita kana kwamba hakuna kitu. Akijaza hewa ya ukaa au mvuke wa maji, sehemu ya mionzi haifiki. Hapa hakuna habari ya upepo kuingia au kutoka. Gesi yenyewe inameza mionzi.

Karibu asilimia 99 ya hewa kavu ni naitrojeni na oksijeni, ambazo mionzi ya joto inazipita tu. Hivyo hewa ya ukaa, ingawa ni kama chembe 420 tu katika kila milioni, inafanya kazi ambayo zile nyingi haziwezi. Inameza mionzi inayotoka ardhini, kisha inaitoa tena kila upande, na sehemu yake inarudi chini. Bila gesijoto, wastani wa joto la uso wa dunia ungekuwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Ulivyo sasa ni kama nyuzi 15 juu ya sifuri.

Mvuke wa maji ndio unaomeza mionzi mingi zaidi, na rafiki yako atakuuliza kwa nini basi tunalaumu hewa ya ukaa. Mjibu kwamba mvuke hukaa angani siku chache kisha unanyesha, na kiasi chake hufuata joto lililopo: hewa ikipanda nyuzi moja hubeba mvuke zaidi kwa kama asilimia saba. Yaani mvuke hauanzi safari, unafuata na kuongeza. Hewa ya ukaa hainyeshi, na sehemu yake hubaki angani karne na karne.

Wewe huna mrija wa Tyndall. Lakini vipimajoto vyako viwili vinaweza kukuonyesha kanuni hii usiku, jua likiwa halipo kabisa, na hewa ikiwa huru pande zote.

Kwanza viweke vyote viwili kwenye bakuli moja la maji kwa dakika kumi, usome. Vipimajoto vya bei nafuu mara nyingi hutofautiana kwa nusu nyuzi au zaidi. Tofauti hiyo iandike, uitoe katika kila usomaji wa baadaye wa kile kilichosoma juu zaidi. Wanafunzi wengi huruka hatua hii, halafu wanatangaza ugunduzi ambao ni kasoro ya kiwandani.

Tafuta vipande viwili vya lile boksi jeupe jepesi la kuhifadhia samaki na barafu. Kazi yake ni kukata joto linalopanda kutoka ardhini. Juu ya kila kipande weka karatasi nyeusi, na juu ya karatasi laza kipimajoto. Vitenganishe kwa hatua nne au tano, katika uwanja ulio mbali na kuta na miti, usio na taa juu. Juu ya kimoja simamisha vijiti vinne na ufunge kanga iliyokunjwa mara mbili, iwe juu ya kipimajoto kwa nusu mita hivi, pande zote ziwe wazi. Cha pili kiache kitazame nyota. Anza saa moja jioni, soma kila nusu saa mpaka saa nne usiku, kwa tochi ya haraka na bila kuvipumulia. Chagua usiku mkavu usio na upepo. Kati ya Juni na Agosti utaupata kwa urahisi zaidi kuliko wakati wa masika.

Nimelifanya nyumbani kwangu Raskazone usiku mmoja wa Julai. Saa moja jioni vyote vilisoma nyuzi 25. Saa tatu cha chini ya kanga kilikuwa 23.5 na cha wazi 21.5. Hewa iliyokuwa inavizunguka ni ileile, ilipita kwa uhuru kote kuwili. Tofauti yake ni kile vilichokuwa vinakitazama: kimoja kilitazama anga lenye baridi, kingine kilitazama kitambaa chenye joto karibu sawa na hewa, kinachokirudishia mionzi. Kisha kikaja kipande cha wingu kutoka baharini, kikatulia juu yetu. Ndani ya robo saa kile cha wazi kilipanda hadi 22.5. Kipimajoto kinapanda saa tatu na nusu usiku! Mjukuu wangu, aliyekuwa anashika daftari, aliniuliza kama nimekipumulia.

Wingu lilifanya kazi ya kanga. Gesijoto zinafanya kazi hiyohiyo, ila kwa wembamba zaidi na kwa tabaka nyingi, moja juu ya nyingine. Ndiyo maana jangwani, ambako mvuke ni haba, mchana unaungua na usiku unatetemeka, ilhali Tanga yenye hewa nzito ya bahari usiku haupoi sana.

Jaribio hili linaweza kuharibika, na dalili zake utaziona. Ukikuta umande kwenye kipimajoto cha wazi, usomaji wake haufai tena, maana mvuke unapogeuka maji hutoa joto na kukipandisha. Tofauti ikiwa ndogo kuliko nusu nyuzi usiku kucha, huenda upepo ulikuwa unasawazisha, au anga lilikuwa na utando wa mawingu membamba ambao gizani hukuuona. Na ujue mpaka wake: umeonyesha kwamba kilicho juu kinaweza kurudisha joto chini. Hujapima hewa ya ukaa. Hiyo imepimwa na vyombo vingine, na hapo ndipo tunafika kwenye swali lako la pili.

Tangu 1958 hewa ya ukaa inapimwa kwa mfululizo juu ya mlima Mauna Loa, kisiwani Hawaii, mbali na viwanda na misitu. Mwanzoni ilikuwa kama chembe 315 katika milioni; sasa imepita 420. Kwa nyakati za kale tunatumia viputo vya hewa vilivyonaswa ndani ya barafu ya Antaktika. Vinaonyesha kwamba kabla ya viwanda ilikuwa kama 280, na kwamba katika miaka 800,000 haikuwahi kupita 300 au zaidi kidogo tu.

Unajuaje kuwa ongezeko ni letu na si la volkano? Kaboni ina aina zake, nzito na nyepesi. Mimea hupenda iliyo nyepesi, na makaa ya mawe na mafuta ni mabaki ya viumbe vya kale, kwa hiyo kaboni yake ni nyepesi. Tena iko aina moja ya kaboni, ile ya 14, ambayo hupungua nusu kila baada ya miaka kama 5,730. Katika mafuta yaliyokaa ardhini mamilioni ya miaka imekwisha kabisa. Tunapoyachoma, hewa inazidi kujaa kaboni nyepesi isiyo na hiyo ya 14. Na ndivyo vipimo vinavyoonyesha, mwaka baada ya mwaka. Volkano isingeacha alama ya mimea namna hiyo.

Alama ya pili naipenda zaidi, kwa kuwa inafanana na jaribio lako. Kama jua ndilo lingekuwa limezidi ukali, anga lote lingepata joto, chini na juu. Setilaiti zinapima nguvu ya jua tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 na hazijaona kuongezeka kwa namna hiyo. Badala yake, tabaka la chini tunamoishi linapata joto, na lile la juu, stratosfia, linapoa. Kupoa kwa stratosfia kumetokana kwa sehemu na kupungua kwa ozoni, lakini sehemu za juu zaidi zinapoa hasa kwa sababu ya hewa ya ukaa, ambayo huko hutupa joto angani kwa wepesi. Chini ya kanga kuna joto, juu ya kanga kuna baridi. Jua halifanyi hivyo.

Ushahidi wa nyumbani uushughulikie kwa uangalifu. Watu watakupeleka kukuonyesha Maziwe, kisiwa cha mbele ya Pangani kilichokuwa na mivinje na sasa ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa, wakuambie ni tabianchi. Miti ile ilipotea zamani, na kuondolewa kwake kunahesabiwa kati ya sababu za mchanga kuchukuliwa na mawimbi. Bahari ya dunia imepanda kama sentimita 20 tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, lakini kisiwa kimoja hakitoshi kuwa shahidi. Matumbawe ni shahidi bora kidogo. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi na matumbawe mengi ya pwani yetu yakawa meupe kama mifupa. Elnino ya mwaka ule ilichangia sana, ila ilikuja juu ya bahari ambayo tayari ilikuwa imepanda joto.

Sasa mfanye nini. Tanzania inatoa chini ya sehemu moja katika elfu ya hewa ya ukaa inayotokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi duniani, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kuzima taa ya darasa kutaokoa barafu ya Antaktika. Lakini yako mambo yenye faida hapahapa, na vipimajoto vyenu vinaweza kuyapima.

Anza jikoni. Kwenye tanuri la udongo, kilo moja ya mkaa hutokana na kilo tano hadi kumi za kuni. Jaribuni jiko kapu: lowekeni maharage usiku kucha, yachemsheni dakika ishirini kwa moto mkali, kisha sufuria iliyofunikwa vizuri iingie ndani ya kapu lililojazwa matambara au maranda, na juu mto mzito. Yaache saa tatu au nne, halafu yachemsheni tena kwa nguvu dakika kumi kabla ya kula, maana maharage mekundu yasiyochemka sawasawa yanaumiza tumbo. Pimeni joto la maji kila saa, kwa kapu na kwa sufuria iliyoachwa mezani. Hapa rafiki yako ndiye fundi, kwa kuwa kapu linafanya kazi ile ile ya chupa: linazuia hewa ya moto isiondoke.

Klabu yenu ikipanga kupanda mikoko, msiichomeke mahali kwa sababu tu ni patupu. Mara nyingi ni patupu kwa kuwa maji yanakaa mno na mche hauwezi kupumua. Nendeni maji yakitoka, mtazame kila aina imesimama wapi, mlilana wapi upande wa bahari, mkoko wenyewe wapi, mchu wapi, na mfuate mpangilio huo. Mzee mvuvi wa pale atawasaidia kuliko kitabu. Faida kubwa iko kwenye tope: mizizi na majani yanayozama mle hayana oksijeni ya kuyaozesha, hivyo kaboni hukaa muda mrefu. Kwa hiyo kulinda mikoko iliyosimama kunazidi kupanda mipya, ingawa hakupendezi kwenye picha.

La mwisho ni bati la darasa lenu. Hili halipunguzi gesijoto, linawapunguzia ninyi adha. Chukueni vipande viwili vya bati kuukuu, kimoja mkipake chokaa nyeupe tabaka mbili, muviinue juu ya matofali juani saa sita mchana, na chini ya kila kimoja muweke kipimajoto, vyote kwa kimo kimoja. Andikeni kila dakika kumi mpaka saa nane. Mkiona tofauti, mna hoja ya kumpelekea mwalimu mkuu kabla ya joto la Januari.

Na lile la kanga, lifanyeni mara tatu kwa usiku tofauti. Wingu likipita, andikeni dakika lilipofika na dakika lilipoondoka, halafu mniletee daftari.